Ridomil imeisha dukani: tafuta kilichomo ndani, usitafute pakiti inayofanana

Hii ya leo inatoka shamba la nyanya la nusu ekari hapa Nyabiyonza, mvua za Novemba. Mwenye shamba alinipigia asubuhi: "Bwana shamba, nimepiga dawa juzi, lakini ukungu unazidi tu."

Nilipofika, majani yalikuwa na madoa makubwa ya kahawia yenye ukingo kama umelowa maji. Nikageuza jani kwa chini, nikaona utando mweupe, maana umande ulikuwa bado haujakauka. Mashina machache yalikuwa na mabaka meusi. Hiyo ni bakajani chelewa, sina shaka. Nikamwomba pakiti aliyotumia. Siku zote yeye hutumia Ridomil Gold MZ 68, lakini dukani waliambiwa mzigo haujafika, muuzaji akampa nyingine akisema "ni hiyohiyo, kampuni tofauti tu." Nikasoma maandishi madogo: mankozebu asilimia 80. Basi, hakuna kingine.

Hapo ndipo shida ilipo. Jina kubwa la mbele ni la kampuni. Dawa yenyewe ni kile kiambata hai, kinachoandikwa kwa herufi ndogo pamoja na kiasi chake. Ridomil Gold MZ 68 ina viambata viwili: metalaksili-M asilimia 4 na mankozebu asilimia 64. Ukijumlisha unapata hiyo 68. Lebo nyingine huandika gramu kwa kilo, 40 na 640. Gawanya kwa 10 unapata asilimia, usiogope.

Viambata hivi viwili havifanyi kazi moja. Mankozebu hukaa juu ya jani na kuzuia mbegu za ukungu zisiote. Haiingii ndani. Ugonjwa ukishaingia kwenye jani, mankozebu haiufuati, na mvua kubwa ikinyesha inaoshwa. Metalaksili inaingia ndani, inapanda na maji ya mmea hadi kwenye majani machanga, na inaweza kukata maambukizi ambayo ndiyo kwanza yameanza. Kijana wetu alipiga kinga tupu kwenye shamba ambalo tayari linaumwa, katikati ya mvua. Mankozebu si dawa mbaya. Kabla ugonjwa haujaingia ndiyo rahisi na inatosha. Ila haikuwa mbadala wa alichokuwa anahitaji siku ile.

Tukatafuta mbadala wa kweli. Sikuulizia jina la kampuni. Nilituma ujumbe huu kwa wauzaji watatu, Kayanga na Omurushaka, nikaomba wanitumie picha ya lebo, upande wa nyuma:

```
metalaxyl 8% + mancozeb 64% WP
```

Utauliza, mbona asilimia 8 wakati Ridomil ina 4? Hii ndiyo inayowachanganya wengi, hata wauzaji. Metalaksili ya kawaida ni mchanganyiko wa maumbo mawili, nusu kwa nusu, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Karibu kazi yote ya kuua ukungu inafanywa na umbo moja. Metalaksili-M ni lile umbo linalofanya kazi, lililotengwa. Kwa hiyo gramu 2 za metalaksili-M ni karibu sawa na gramu 4 za metalaksili ya kawaida. Herufi M hapo si pambo.

Tupige hesabu ya bomba la lita 20, kwa gramu 50. Ridomil Gold MZ 68 inakupa gramu 32 za mankozebu na gramu 2 za metalaksili-M. Ile ya 72, yaani 8 na 64, inakupa gramu 32 za mankozebu na gramu 4 za metalaksili, ambazo nusu yake, gramu 2, ndizo zinazofanya kazi. Zimelingana. Aliyopewa kijana: gramu 40 za mankozebu, na sifuri. Kama bomba lako ni la lita 16, kipimo hichohicho kinakuwa gramu 40. Lakini kipimo cha mwisho ni kile cha lebo ya pakiti uliyonunua, usihamishe cha pakiti ya zamani. Na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ni hivyohivyo, zisome upya.

Muuzaji mmoja alinijibu haraka, "72 ipo." Picha ilipokuja, kumbe ni simoksanili asilimia 8 na mankozebu asilimia 64. Jumla ni 72 pia! Namba iliyo mbele ni jumla tu, haikuambii ni nini kimejumlishwa. Simoksanili nayo ni dawa ya bakajani chelewa na inaingia ndani ya jani, lakini haisafiri mbali kwenye mmea na haidumu muda mrefu. Si kitu kilekile. Nilimwambia kijana aiweke akilini kwa mzunguko unaofuata, na sababu nitaieleza hapo chini.

Muuzaji wa pili alikuwa nayo sahihi. Kabla ya kulipa tuliangalia mambo mengine mawili: namba ya usajili ya TPHPA kwenye lebo, na pakiti iwe haijafunguliwa. Dawa ya kupimiwa kwenye mfuko wa rambo haina lebo, na bila lebo huwezi kujua chochote kati ya haya niliyoandika.

Tofauti iliyobaki ilikuwa umbo la dawa. Ridomil yake ilikuwa chenga, WG. Hii mpya ni unga, WP. Yeye hupima kwa kijiko. Kijiko cha unga mara nyingi ni chepesi kuliko kijiko cha chenga, kwa hiyo vijiko vilevile vingempa dawa pungufu. Tulipima gramu kwenye mzani mdogo wa jikoni, tukaweka alama kwenye kikombe cha plastiki ambacho sasa ni cha dawa tu. Unga pia unapeperuka, hivyo vaa barakoa, ukoroge kwanza na maji kidogo kwenye ndoo hadi uwe kama uji mwepesi, ndipo umimine kwenye bomba. Tikisa bomba mara kwa mara, maana unga hutuama chini.

Sasa ile sababu. Ukipiga Ridomil wiki hii, na wiki ijayo ukapiga ile ya 72 yenye metalaksili, hujabadilisha dawa. Umebadilisha pakiti. Vimelea vya bakajani chelewa vinajulikana kwa kuizoea metalaksili, ndiyo maana inauzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu. Mimi nawashauri isizidi mara mbili au tatu kwa msimu, kwa majina yote ukiyahesabu pamoja. Katikati weka kiambata kingine, na hapo simoksanili ina nafasi yake.

Kijana tulimwondolea kwanza majani na mashina yaliyoungua, akayafukia mbali, kisha akapiga. Baada ya siku nane majani mapya yalikuwa safi. Yaliyokwisha kuungua hayakurudi, na karibu robo ya miche ilishakwenda. Mikungu ya chini ilikuwa na matunda magumu yenye mabaka ya kahawia, hayo akayatupa. Juzi alinionyesha simu yake: ana picha za nyuma za pakiti zote anazotumia, siyo za mbele.