Tovuti moja yajikokota, nyingine zapaa

*Niko Dar es Salaam. Intaneti ya nyumbani ina kasi, lakini tovuti moja ya Nairobi hufunguka kwa kujikokota. Kosa ni langu? — Msomaji, Kinondoni*

Huenda si lake. Kama tovuti nyingine zinafunguka haraka, kompyuta na waifai yake havielekei kuwa chanzo. Inabaki seva ya tovuti yenyewe, au njia ya kuifikia.

Kipimo cha kwanza ni simu. Azime waifai, afungue tovuti ileile kwa bando la mtandao mwingine, kisha amwombe jirani anayetumia kampuni tofauti ajaribu saa hiyohiyo. Ikiwa nzito kote, seva ndiyo inayoshukiwa. Ikiwa nyepesi kwa wengine, njia ya kampuni yake ina kasoro.

Njia hiyo huonekana. Kwenye Windows afungue Command Prompt na kuandika, akiweka anwani ya tovuti yake:

```
tracert example.co.ke
```

Kila mstari ni kituo kimoja, pamoja na milisekunde za kwenda na kurudi. Apime kwanza kwa mtandao wa nyumbani, kisha arudie kompyuta ikiwa imeunganishwa na bando la simu. Tuseme kwa mtandao wa nyumbani kituo cha mwisho kinaonyesha 190, na kwa simu 25. Tofauti hiyo huashiria mzunguko wa mbali: data ya Dar kwenda Nairobi huweza kupitia Ulaya, pale kampuni mbili zisipounganishwa karibu.

Tahadhari: kituo cha katikati kikichelewa peke yake si ushahidi, kwani ruta nyingi hujibu vipimo hivi kwa uzito. Ucheleweshaji uendelee hadi mwisho.

Atume matokeo yote mawili, pamoja na saa ya kupima, kwa mtoa huduma wake. Kurekebisha njia ni kazi yao.