Tangazo la Ndovu na Mashamba: Jinsi ya Kuandika Tangazo la Kusomwa kwa Sauti

Kijitabu hiki kimeandikiwa machifu, manaibu wa machifu, wazee wa vijiji, makatibu wa vikundi na wasomaji wa matangazo kanisani na msikitini katika wadi ya Marungu, kaunti ndogo ya Voi. Kinashughulikia tangazo moja tu, tena la mfano tulilolitunga wenyewe. Linahusu jambo ambalo hapa kwetu, kando ya mbuga ya Tsavo, halihitaji kuelezwa: ndovu wameingia shambani, na mwenye shamba anataka kudai fidia.

Hivi ndivyo tangazo lilivyoandikwa mara ya kwanza:

"Kwa wakaaji wote wa Marungu, kufuatia visa vya hivi karibuni ambapo ndovu zimekuwa zikivamia mashamba na kuharibu mimea ambazo zilikuwa zimekaribia kuvunwa, mnajulishwa ya kwamba maafisa wa KWS wakishirikiana na wenzao wa kilimo watafanya zoezi la kusajili malalamishi Alhamisi ijayo kuanzia 8.00 hadi 1.00 katika ofisi ya chifu na kila mtu ambaye shamba yake imeharibiwa wanaombwa kuja na kitambulisho na picha ya uharibifu na wasitoe mabaki kwenye shamba kabla haijakaguliwa na watakaokosa wasimlaumu mtu."

Hiyo ni sentensi moja. Anayeisoma kimya kwenye karatasi ataielewa, kwa sababu jicho linaweza kurudi nyuma. Sikio halirudi. Mama aliyesimama nyuma ya umati barazani, lori likipita barabara ya Mombasa, akikosa maneno matatu basi amekosa siku, au saa, au kile alichotakiwa kubeba.

Tuanze na kosa linaloweza kumgharimu mtu fidia yake. Liko karibu na mwisho: "wasitoe mabaki kwenye shamba kabla haijakaguliwa." Nini haijakaguliwa? Mwandishi alimaanisha shamba, lakini shamba ni la ngeli ya LI-YA, na kitenzi chake kilipaswa kuwa halijakaguliwa. Msikilizaji anaposikia hai-, anatafuta jina linalochukua i-, na lililo karibu zaidi ni picha. Mimea nayo inachukua i-, lakini imeachwa mbali, mwanzoni mwa tangazo. Kwa hiyo mkulima anaweza kuelewa kwamba kinachokaguliwa ni picha. Atakuja na picha, ataionyesha, atarudi nyumbani akiwa ametosheka, kisha atafyeka mabua yaliyolazwa ili apande upya. Afisa wa kilimo akifika kupima hasara anakuta shamba jeupe. Hakuna tena cha kuhesabu, wala nyayo, wala kinyesi cha kuonyesha kwamba aliyepita hapo ni ndovu na si ng'ombe wa jirani.

Silabi moja ndiyo imeleta yote hayo. Kwa hiyo upatanisho wa ngeli si pambo la mitihani ya shuleni. Kwa anayesikiliza, silabi hiyo ndogo mwanzoni mwa kitenzi ndiyo inayomwambia tunazungumza juu ya kitu gani. Lisisafishwe ni shamba. Yasiondolewe ni mabua au mabaki. Isitupwe ni picha.

Makosa mengine manne ya upatanisho yamo humo humo. "Ndovu zimekuwa zikivamia" iwe ndovu wamekuwa wakivamia, kwa kuwa mnyama hupatanishwa kama mtu. "Mimea ambazo zilikuwa" iwe mimea iliyokuwa. "Shamba yake imeharibiwa" iwe shamba lake limeharibiwa. "Kila mtu wanaombwa" iwe kila mtu anaombwa, maana kila humtaja mmoja mmoja hata kama waliokusanyika ni mia.

Hatusemi kwamba anayesema "shamba yangu" sokoni Maungu hajui Kiswahili. Ndivyo wengi wetu tunavyozungumza, na tunaelewana, kwa sababu tunaonana uso kwa uso na shamba lenyewe tunaweza kulinyooshea kidole. Tangazo halina kidole. Tena barazani kuna Mtaita, Mduruma na Mkamba, na kila mmoja ana ngeli za lugha ya mamake kichwani. Kiswahili sanifu ndicho wanachokutania.

Kuhusu wanyama, kuna jambo moja linalowachanganya hata walimu. Watu husema ndugu zangu, rafiki zangu, na wengi husema pia ng'ombe zangu, na hilo limekubalika katika maneno ya kumiliki. Lakini kitenzi hakibadiliki: ng'ombe zangu wamekufa, si zimekufa.

Sasa, kwa nini mwandishi huyu alikosea mara tano katika sentensi moja? Inawezekana kabisa kwamba akiulizwa peke yake, "shamba lake au shamba yake?", angejibu sawasawa. Sentensi yenyewe ndiyo iliyomponza. Ilikuwa ndefu mno, na kila alipofika kwenye kitenzi, jina lake lilikuwa limeachwa nyuma sana na majina mengine yameingia katikati. Ndiyo maana tunapendekeza ukate sentensi kwanza, kisha ndipo urekebishe ngeli. Jina na kitenzi vikikaa jirani, nusu ya makosa huonekana yenyewe.

Kukata ni rahisi. Soma tangazo kwa sauti, na kila unapovuta pumzi weka nukta. Kisha angalia kila "na" inayounganisha amri mbili, uitoe, uanze sentensi mpya. Maneno ya ofisini kama "kufuatia visa vya hivi karibuni" na "watafanya zoezi la kusajili" yaondoke. Wakulima wanajua visa hivyo kuliko afisa yeyote. Wanachotaka kujua ni waende lini, wapi, na nini mkononi.

Saa nazo zina hatari yake. Mwandishi ameandika 8.00, akifikiria saa ya simu yake. Msomaji akiikuta atasema "saa nane", na msikilizaji ataelewa saa nane mchana. Ya 1.00 ataisoma "saa moja", na watu watajiuliza ni saa moja ya asubuhi au ya jioni. Mkulima anayefika saa nane mchana anakuta maafisa walishaondoka saa saba. Tangazo la kusomwa liandikwe saa kwa maneno, pamoja na wakati wa siku: saa mbili asubuhi, saa saba mchana. Nambari nyingine muhimu ziandikwe vivyo hivyo, ili msomaji asilazimike kutafsiri huku umati ukimtazama.

"Alhamisi ijayo" pia haifai. Tangazo lilelile huweza kusomwa kanisani Jumapili, kisha likapitishwa kwa spika juu ya bodaboda Jumatano. Anayelisikia Jumatano atadhani ni Alhamisi ya wiki nyingine. Taja siku na tarehe.

Kuhusu KWS tuna maoni yetu. Kwa kawaida kifupisho hufunguliwa, lakini eneo hili hakuna asiyejua KWS, na wengi hawangelitambua jina refu la shirika hilo wakilisikia. Kiache kifupisho hicho. Kifupisho cha mradi ulioanza mwaka jana, hicho kifungue.

Neno la kuchungwa zaidi ni fidia. Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Wanyamapori ya 2013 inampa mtu aliyejeruhiwa au aliyeharibiwa mali haki ya kudai, na madai hupitia kamati ya kaunti. Kwa aliyeuawa na mnyama, sheria hiyo ilitaja shilingi milioni 5. Lakini kudai si kulipwa, na wako waliosubiri malipo miaka mingi. Tangazo likisema "njooni mlipwe fidia", watu watakuja na mifuko, na lawama itamwangukia chifu. Liseme madai yatapokelewa, basi. Neno "malalamishi" nalo halitoshi, kwa kuwa mtu anaweza kulalamika bila kujaza fomu yoyote.

Tangazo baada ya kusahihishwa:

"Tangazo kwa wakulima wa Marungu.

Ni kwa kila mkulima ambaye ndovu wameharibu shamba lake.

Maafisa wa KWS watapokea madai ya fidia. Afisa wa kilimo atakuwepo pia.

Siku ni Alhamisi, tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu. Mahali ni ofisi ya chifu wa Marungu. Wataanza saa mbili asubuhi. Watamaliza saa saba mchana.

Mje na vitambulisho vyenu. Aliye na picha za shamba aje nazo. Asiye na picha aje pia.

Shamba lisisafishwe kabla halijakaguliwa. Mabua yaliyoangushwa yaachwe yalipo.

Atakayekosa siku hiyo aende ofisi ya KWS, Voi.

Narudia. Alhamisi, tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu. Saa mbili asubuhi. Ofisi ya chifu wa Marungu. Shamba lisisafishwe."

Angalia kilichofanyika kwa ile "watakaokosa wasimlaumu mtu". Ilikuwa kitisho, na kitisho hakimwelekezi mtu popote. Mahali pake pamewekwa njia ya pili. Angalia pia "asiye na picha aje pia". Bila maneno hayo, mzee asiye na simu yenye kamera angebaki nyumbani.

Kabla ya kulipeleka barazani, mpe mtu ambaye hakuliandika alisome kwa sauti, na mwingine asikilize bila karatasi. Kisha muulize msikilizaji maswali manne: ni siku gani, ni saa ngapi, ni wapi, na ni kitu gani hakitakiwi kuguswa. Akisita popote, usimrekebishe yeye. Rudi kwenye sentensi ile. Ukitaka kuhakikisha ngeli, pigia mstari kila kitenzi na ukiulize nani au nini. Jibu lisipokuwa katika sentensi hiyohiyo, lirudishe humo.

Mkutano ukiahirishwa, usitangaze tarehe mpya peke yake. Wengine watadhani kuna mikutano miwili. Taja ya zamani kwanza uiondoe, ndipo uweke mpya: "Mkutano wa Alhamisi, tarehe kumi na mbili, haupo tena. Umehamishwa. Utafanyika Jumanne, tarehe kumi na saba, saa mbili asubuhi, ofisi ile ile ya chifu. Mashamba yasisafishwe mpaka yakaguliwe."