Kikao Kimeshapangwa, Badilisha Kichwa cha Barua

Eldoret ni mji wenye vikao vingi vinavyounganisha watu wa saa tofauti. Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi vimefanya kazi na Chuo Kikuu cha Indiana kwa miongo kadhaa, na tangu 2001 mpango wa AMPATH umewaunganisha madaktari na watafiti wa pande zote mbili. Saa 11 jioni Eldoret ni saa 3 asubuhi Indianapolis wakati wa baridi yao, na ni saa 4 asubuhi wanapokuwa wamesogeza saa mbele. Kupanga kikao kimoja tu kunaweza kula barua pepe kumi. Katika barua hizo kumi ndimo mambo mengine huingilia, na hapo ndipo kichwa cha barua huanza kusema uongo.

Tuchukue mfano wa timu ya utafiti yenye watu tisa, sita Eldoret na watatu Indianapolis. Mratibu anaandika barua yenye kichwa “Kikao cha timu, wiki ya 9 Machi” akiuliza siku inayowafaa wote. Watatu wa kwanza wanajibu kwamba Alhamisi inafaa. Wa nne, ambaye ni mtakwimu, anajibu: “Alhamisi ni sawa kwangu. Halafu, jedwali la 2 linasema washiriki 212, lakini orodha ya kliniki ina 221. Tunatumia ipi?” Msimamizi wa data anamjibu papo hapo na kuambatisha faili. Mhasibu anauliza kama wahojaji waliokwenda Iten na Kapsabet wameshatia sahihi fomu za posho. Mmoja wa Indianapolis anakumbusha kwamba idhini ya kamati ya maadili inakaribia kuisha na ombi la kuiongeza linahitaji barua ya mtafiti mkuu. Barua zote hizo, zikifika kumi na nane, bado zinabeba kichwa kilekile: “Re: Kikao cha timu, wiki ya 9 Machi”.

Madhara huonekana baadaye. Mwezi Mei mhariri wa jarida anauliza kwa nini idadi ya washiriki ni 221. Mratibu anatafuta neno “jedwali” kwenye vichwa vya barua na hapati kitu, kwa sababu uamuzi ule umekaa ndani ya uzi wa kikao kilichokwisha kufanyika. Hata wakati ule uzi ulipokuwa moto, watu wawili walikuwa wameshanyamazisha arifa zake. Walikwisha kuthibitisha Alhamisi, na kwao suala lilikuwa limefungwa. Mtu anayeona “Re: Kikao” kwenye simu akiwa ndani ya matatu kuelekea Langas ana haki ya kudhani ni mtu mwingine anayesema “sawa”. Mtafiti mkuu, ambaye sahihi yake ndiyo iliyohitajika kwa ombi la idhini, anaweza kuwa mmoja wa hao wawili.

Basi kichwa kibadilishwe lini? Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni tarehe ya kikao. Jiulize kama jambo unaloandika litakuwa bado na kazi siku moja baada ya kikao kufanyika. Swali la ukumbi, kiungo cha video, nani atachelewa, ajenda ina mambo gani: yote hayo hufa kikao kikiisha, kwa hiyo yabaki kwenye uzi wa kikao. Idadi ya washiriki, posho na idhini ya maadili vitaendelea kuhitaji majibu wiki na miezi baadaye. Hivyo vinastahili vichwa vyao.

Kipimo cha pili ni watu. Suala la posho linawahusu mhasibu, mratibu na wahojaji. Halimhusu profesa aliyeko Indianapolis, ambaye saa yake ya asubuhi inaliwa na fomu za nauli ya Kapsabet. Ukiona kwamba jibu lako lingefaa liende kwa watu wachache kuliko walio kwenye uzi, au kwa mtu ambaye hayumo, ujue mada imehama hata kama bado hujaiona ikihama. Na maneno kama “halafu”, “kitu kingine” au “tukiwa hapo hapo” katikati ya barua yako ni mahali pa kusimama. Maliza jibu la Alhamisi, tuma, kisha fungua barua nyingine kwa hilo la pili. Barua mbili fupi zinajibiwa upesi kuliko moja yenye swali lililojificha mkiani, kwa sababu wengi husoma mstari wa kwanza, wanaona “Alhamisi ni sawa” na wanaifunga.

Wazee waliofanya kazi kwenye ofisi za serikali wanaujua utaratibu huu kupitia masjala. Barua ilibeba nambari ya kumbukumbu na mstari wa KUH uliotaja jambo moja, na karani aliiweka kwenye faili la jambo hilo. Aliyechanganya uhamisho wa mwalimu na ukarabati wa choo katika barua moja alijua mojawapo ya hayo mawili litapotea. Kwenye barua pepe hakuna karani. Kichwa ndicho pekee kinachofanya kazi yake.

Sasa namna ya kubadilisha. Hapa inafaa kujua kinachotendeka ndani ya barua, kwa sababu kubadilisha kichwa na kuanzisha barua mpya ni vitu viwili tofauti. Kila barua pepe hubeba kitambulisho chake kisichoonekana, `Message-ID`, na ukibonyeza jibu, barua yako hubeba pia mistari ya `In-Reply-To` na `References` inayotaja barua zilizotangulia. Programu kama Thunderbird hupanga nyuzi kwa kufuata mistari hiyo, kwa hiyo hata ukiandika kichwa kipya kabisa, jibu lako bado litaning’inia chini ya uzi wa kikao. Gmail hutazama kichwa pia: kikibadilika, hulifungua jibu lako kama mazungumzo mapya. Watu tisa wa timu yetu hawatumii programu moja, na usitarajie kwamba unachokiona wewe ndicho wanachokiona wote.

Kwa hiyo ikiwa jambo jipya limezaliwa kutokana na uzi wa zamani na wasomaji watahitaji kuona lilikotoka, jibu huku ukibadilisha kichwa. Kwenye Gmail ya kompyuta, bonyeza jibu, kisha mshale mdogo ulio kando ya jina la mpokeaji, uchague `Edit subject`. Kwenye programu ya simu na kwenye Outlook, gusa mstari wa kichwa ndani ya jibu na uandike upya. Weka jambo jipya mbele na la zamani nyuma kwenye mabano, namna walivyozoea watumiaji wa mitandao ya majadiliano tangu zamani. Mtakwimu wetu angeandika hivi:

```
Jedwali la 2: washiriki 212 au 221? (ilikuwa: Kikao wiki ya 9 Machi)
```

Anayejibu wa kwanza aondoe mabano hayo, kwani kazi yake imekwisha. Maneno yenye uzito yawe mwanzoni kwa sababu simu hukata kichwa kirefu. “Swali kuhusu data” halimsaidii mtu. “Jedwali la 2” linamsaidia leo na litamsaidia Mei atakapotafuta `subject:jedwali`.

Ikiwa jambo jipya halina undugu wowote na kikao, usibonyeze jibu. Anza barua tupu, uandike majina ya wanaohusika mwenyewe. Hili lina uzito wa pekee kwa kazi ya hospitali. Jibu hubeba mkia wa barua zote zilizotangulia pamoja na orodha yote ya waliopewa nakala, na jina la mgonjwa lililoandikwa kwa haraka kati ya watu wawili linaweza kufika kwa tisa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na uvujaji unaohatarisha mhusika unatakiwa kuripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kwa sababu hiyohiyo jina la mgonjwa lisiingie kwenye kichwa kabisa, hata kwenye uzi wa watu wawili. Kichwa hujitokeza kwenye kioo cha simu iliyofungwa, na barua nyingi zinazosimbwa husimba mwili tu na kuacha kichwa wazi.

Mara nyingi mtu hugundua kuhama kwa mada ikiwa imechelewa, barua sita zikiwa zimeshaandikwa. Kubadilisha kichwa kimyakimya wakati huo kunazidisha vurugu, maana wengine wataendelea kujibu kwenye uzi wa zamani na mtakuwa na mazungumzo mawili yanayokinzana. Mratibu afanye mambo mawili. Aandike barua mpya yenye muhtasari wa mahali suala lilipofika: “Orodha ya kliniki ina 221, jedwali lilitoa 212 kwa sababu fomu tisa ziliingizwa kwa kuchelewa, tunasubiri mtakwimu athibitishe kufikia Ijumaa.” Kisha aache alama kwenye uzi wa kikao, sentensi moja tu: “Suala la jedwali la 2 limehamia kwenye barua yenye kichwa ‘Jedwali la 2: washiriki 212 au 221?’, hapa tubaki na kikao.” Bila alama hiyo kazi haijakamilika.

Yapo mabadiliko yasiyodai kichwa kipya. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, na mwaka 2026 hiyo ni tarehe 8. Timu ikigundua kwamba Alhamisi ya tarehe 12 saa 11 jioni ya Eldoret itakuwa saa 4 asubuhi Indianapolis, si saa 3 kama walivyozoea Februari, hilo ni suala lilelile la kikao na linabaki pale. Ila kama kichwa kilitaja saa na saa imebadilika, kirekebishwe mara moja, kwa kuwa wako watakaosoma kichwa tu na kufika saa ile. Ndiyo maana ni heri kichwa kitaje tarehe, saa iachwe kwenye mwaliko wa kalenda.

Kuna pia barua ambazo hupaswi kugusa vichwa vyake hata mada ikihama: zile zinazotoka kwenye dawati la huduma, benki au ofisi ya mikopo zikiwa na nambari ya kesi kwenye mabano ya mraba. Mfumo wao mara nyingi huitambua kesi kwa nambari hiyo, na ukiifuta jibu lako litafunguliwa kama lalamiko jipya na kupangwa nyuma ya foleni. Ukiwa na swali jingine kwao, wafungulie kesi ya pili kwa barua mpya, na ile ya kwanza uiache iendelee na nambari yake.