Brashi ya Maski: Ugumu, Opacity na Flow Unapobadilisha Mandhari ya Picha

Mwongozo huu ni wa mafundi wa studio wanaobadilisha mandhari kwa Photoshop, na ambao tayari wanajua kuweka maski kwenye leya. Mfano ni mmoja kwa maswali yote. Mhitimu mwenye joho jeusi amepigwa picha mbele ya kitambaa cheupe, naye anataka aonekane amesimama bustanini, nyuma yake miti ya kijani iliyokolea. Leya yake iko juu na ina maski. Bustani iko chini. Kwenye maski, nyeusi huficha, nyeupe huonyesha, na kijivu huonyesha kwa kiasi. Kazi ya namna hii haisamehe, kwani weupe wa kitambaa ukibaki hata kidogo, ile miti itautangaza.

Swali: Nimepita na brashi laini kabisa, mbona begani kumebaki mstari mweupe?

Ni kwa sababu brashi ni laini. Hardness ikiwa 0%, brashi hufifia kuanzia katikati hadi pembeni, na ikiwa na ukubwa wa pikseli 200, ufifiaji huo huchukua makumi ya pikseli. Sasa kuza picha hadi 200% uliangalie bega lenyewe: kama lilikuwa kwenye fokasi, joho linageuka kuwa kitambaa ndani ya pikseli mbili au tatu tu. Maski yako imetandaza kijivu kipana mahali ambapo picha ina ukingo mwembamba. Upande wa nje kitambaa kinachungulia, na upande wa ndani joho linaanza kupitisha miti.

Chukua brashi ya pikseli 30, Hardness 85%, Opacity na Flow zote 100%. Paka nyeusi kufuata bega huku ukiingia ndani ya joho pikseli moja au mbili. Katika picha yenye upana wa pikseli 4000, hakuna atakayegundua kwamba bega limepungua kiasi hicho, ila mstari mweupe kila mtu anauona. Ukipitiliza, bonyeza X ili rangi zibadilishane nafasi, kisha rudisha kwa nyeupe.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: ulaini huenda na ukubwa. Hardness 85% kwenye brashi ya pikseli 30 hutoa ukingo mwembamba, lakini asilimia hiyohiyo kwenye brashi ya pikseli 300 hutoa ukingo mpana mara kumi. Kwa hiyo unapoongeza ukubwa kwa kitufe cha ], angalia upya ukingo unaoupata. Brashi ilainishwe pale tu picha yenyewe ilipo laini, kwa mfano kiwiko kilichoelekea nyuma na kutoka nje ya fokasi. Hapo shusha Hardness hadi ukingo wa maski ufanane na ukungu uliomo pichani.

Swali: Opacity na Flow zote zinapunguza rangi. Tofauti yake ni ipi hasa?

Opacity ni kikomo cha mpito mmoja, yaani tangu unapobonyeza kipanya hadi unapokiachia. Ukiiweka 50% na Flow 100%, unaweza kusugua palepale uwezavyo bila kuachia, na rangi haitazidi nusu. Ukiachia na kupita tena, unaficha nusu ya kilichobaki, hivyo unafika 75%. Mpito wa tatu unakupeleka 87.5%. Ndiyo maana mtu anayepaka maski kwa Opacity 50% huishia na mabaka: mahali mipito miwili ilipopandana pameficha zaidi ya jirani yake, na mpaka kati ya baka na baka unaonekana.

Flow ni kiasi cha rangi kinachotoka katika kila tone la brashi, maana mstari mmoja ni matone mengi yanayopandana. Kwa kawaida Spacing huwa 25%, kwa hiyo kila sehemu ya mstari hufikiwa na matone yapatayo manne. Flow ikiwa 10% na Opacity 100%, mpito mmoja wa brashi ngumu huficha karibu theluthi. Ukirudi juu yake bila kuachia kipanya, rangi huendelea kukolea, lakini haiwezi kuvuka Opacity uliyoweka.

Kwa ushauri wangu, kwenye kazi ya maski acha Opacity kwenye 100% na uchezeshe Flow. Vitufe vya tarakimu hubadilisha Opacity, na ukishikilia Shift hubadilisha Flow. Kitufe cha Airbrush kikiwa kimewashwa, kazi hizo mbili hubadilishana, na hapo ndipo fundi hudhani kompyuta imemgeuka.

Swali: Nywele ni za afro na mwanga unapita kwenye ncha zake. Nipake vipi?

Usifuate msokoto mmoja mmoja. Gawa kichwa sehemu mbili. Sehemu ya ndani, ambako kitambaa hakionekani kabisa, ijaze nyeupe kwa brashi ngumu. Utando wa nje, ambako nywele na kitambaa vimechanganyika, utumie brashi ya pikseli 40 hivi, Hardness 0%, Flow 8%, rangi nyeusi. Anzia nje ukielekea kwenye nywele kwa mipito mifupi, na uache kabla misokoto haijaanza kuyeyuka.

Kama maski tayari ina umbo la nywele ila limejaa kijivu, kwenye upau wa brashi badilisha Mode iwe Overlay. Ukipaka nyeusi hapo, kijivu kinakuwa cheusi zaidi huku nyeupe kamili ikibaki ilivyo. Ukipaka nyeupe, nyeusi kamili haiguswi. Nywele zinabaki na kitambaa kinaondoka. Ukimaliza rudisha Normal, la sivyo brashi itaonekana haifanyi kazi utakapofika kwenye viatu.

Lakini njia hii ina mpaka wake. Ncha zilizounguzwa na mwanga hadi zikawa nyeupe sawa na kitambaa haziwezi kutenganishwa kwa brashi yoyote. Zikate, kisha paka utando mpya kwa brashi ndogo.

Swali: Na viatu kwenye nyasi?

Brashi ya pikseli 5, Hardness 100%, rangi nyeusi. Vuta mistari mifupi kutoka chini kwenda juu kwenye soli, ili majani yaliyo mbele yazibe kidogo ukingo wa kiatu. Kivuli kipakwe kwenye leya yake kati ya mtu na bustani, Flow ikiwa chini.

Swali: Nitajuaje kama maski ni safi kabla mteja hajaiona?

Shikilia Alt ubofye kijipicha cha maski, nayo itajaza skrini kwa nyeusi na nyeupe. Kifua na uso viwe vyeupe kabisa. Doa la kijivu kifuani maana yake miti inapenya kwenye joho, hata kama kwenye picha ya kawaida jicho halikulikamata. Moshi wa kijivu angani ni kitambaa kilichobaki, na mara nyingi umetokana na mipito ya Opacity 50% iliyoishia njiani. Pita juu ya vyote viwili kwa brashi yenye Opacity na Flow 100%, ila usiguse utando wa nywele, maana kijivu cha pale kina kazi. Bofya tena kwa Alt kurudi, kisha tazama picha nzima kwenye 100%.

Swali: Nihifadhi vipi?

Hifadhi PSD kwanza, kisha utoe JPEG ya kuchapisha. JPEG haibebi leya wala maski, na mteja akirudi wiki ijayo akitaka bahari badala ya bustani, bila PSD utaanza upya begani.