Mawe ya Figo Yanarudi? Vidokezo 6 vya Kupima Mkojo

Jiwe la kwanza lilitoka, la pili likafuata, na sasa majibu ya maabara yanasema mkojo una fuwele za kalsiamu oksaleti. Kabla hujaapa kutokula tena mchicha, pitia haya.

1. Fuwele si jiwe

Chini ya hadubini, fuwele hizi mara nyingi huonekana kama bahasha ndogo yenye alama ya X katikati. Hata mtu asiyewahi kuugua jiwe anaweza kuwa nazo baada ya kula mchicha mwingi au karanga. Kwa upande mwingine, mkojo usio na fuwele hauthibitishi kwamba figo haina jiwe. Hadubini imeona mkojo wa saa ile tu. Haikuambii kwa nini mawe yanarudi.

2. Uliza mkojo ulikaa muda gani

Mkojo ukipoa, fuwele zinaweza kujitengeneza ndani ya kikopo chenyewe. Sampuli iliyotolewa asubuhi ikapimwa mchana haiaminiki sana kwa jambo hili. Peleka mkojo ungali fresh, upimwe ndani ya saa 2.

3. Kipimo cha saa 24 huanza kwa kumwaga

Kinachosaidia kutafuta sababu ya mawe kurudi ni kukusanya mkojo wote wa siku nzima kwenye dumu, na hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme unaanza Jumamosi saa 12 asubuhi: kojoa chooni, usiweke kitu kwenye dumu, kisha andika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie, la usiku pia, hadi Jumapili saa 12 asubuhi, utakapokojoa mara ya mwisho na kuuweka huo nao. Ukiweka mkojo wa asubuhi zote mbili, umezidisha. Ukienda haja sokoni ukasahau, umepunguza.

Kula na kunywa kama kawaida yako. Ukibugia maji siku hiyo tu, atakayepimwa ni mtu mwingine kabisa. Mwambie daktari kama unameza vidonge vya vitamini C, kwa kuwa dozi kubwa hupandisha oksaleti. Baada ya jiwe kukusumbua au kutolewa, subiri angalau wiki 6. Na kama maabara imetia tindikali kwenye dumu, usikojolee humo moja kwa moja. Tumia kikopo, kisha mimina taratibu.

4. Majibu yakija, soma kreatinini kwanza

Kreatinini hutokana na misuli, na kiasi chake kwa siku hakibadiliki sana. Kwa kawaida mwanaume hutoa miligramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito wake, na mwanamke 15 hadi 20. Chukua mfano wa dereva wa daladala mwenye kilo 70. Dumu lake likiwa na miligramu 1,500, hiyo ni kama 21 kwa kilo: amekusanya vizuri. Likiwa na 800, ni kama 11 tu, na huenda sehemu kubwa ya mkojo iliishia chooni. Hapo usihangaike na namba nyingine, arudie.

5. Kisha angalia ujazo

Dereva wetu alikusanya vizuri, lakini mkojo wa siku nzima ni lita 1.1. Oksaleti yake ni miligramu 38, chini ya kikomo cha 40 kinachotumiwa na maabara nyingi. Mbona basi mawe? Gawanya: ni karibu miligramu 35 katika kila lita. Angetoa lita 2.5, zingekuwa 15 tu. Anabana kiu barabarani ili asisimame kukojoa, na chumvi zinashikana. Lengo ni kutoa lita 2.5 kwa siku, kwa hiyo anywe kama lita 3, na zaidi anapotoka jasho. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo zilizochoka amuulize daktari kwanza.

6. Punguza chumvi, usikate maziwa

Kalsiamu ya dereva ni miligramu 280, imezidi kikomo cha 250. Wengi hapa hukimbilia kuacha maziwa, kumbe sodiamu yake ni milimoli 210, sawa na gramu 12 hivi za chumvi. Chumvi ikizidi, figo humwaga kalsiamu zaidi kwenye mkojo. Maziwa au mtindi pamoja na chakula husaidia, kwa sababu kalsiamu hunasa oksaleti tumboni na kutoka nayo kwenye choo kikubwa. Mchicha nao uchemshe, umwage maji yake, ndipo uunge.

Siku moja haitoshi kukuhukumu. Ukiweza, kusanya mara mbili. Ukishabadili maji na chumvi, rudia kipimo ndani ya miezi 6 uone kama namba zimeshuka. Lakini maumivu ya ubavu yakija na homa, achana na dumu: nenda hospitali siku hiyo hiyo.