Barua Rasmi: Mpangaji Anapotakiwa Kukata Kodi ya Zuio

Swali. Kampuni inauza vifaa vya ujenzi katika jengo la kupanga jijini Mwanza. Pango ni shilingi 900,000 kwa mwezi, na hulipwa kila baada ya miezi mitatu. Kampuni imeona tangazo la Mamlaka ya Mapato Tanzania likiwakumbusha wapangaji wafanyabiashara kukata kodi ya zuio. Mkataba wa pango hausemi lolote kuhusu kodi hiyo. Ukiwa meneja, mwandikie mwenye jengo.

Kabla ya kushika kalamu, elewa kinachomtatiza meneja. Akilipa pango lote kama alivyozoea, Mamlaka inaweza kuidai kampuni yake ile kodi ambayo haikukata, kwa sababu sheria ya kodi ya mapato humbebesha mlipaji wajibu wa kuzuia. Akikata kimyakimya, mwenye jengo ataona fedha pungufu benki na kudhani amedhulumiwa. Notisi ya kuhama inaweza kufuata. Ndiyo maana barua inatangulia malipo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Pango la miezi mitatu ni shilingi 2,700,000. Zuio kwa mwenye jengo mkazi wa Tanzania ni asilimia 10, yaani shilingi 270,000. Mwenye jengo atapokea 2,430,000. Zile 270,000 hazibaki kwa kampuni: hupelekwa Mamlaka ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kwisha, na mwenye jengo hupewa hati ya kodi ya zuio. Kwake hati hiyo ni kama risiti, kwa kuwa anapokokotoa kodi yake ya mapato ya mwaka, huonyesha kwamba sehemu imekwisha kulipwa.

Sasa jihadhari na neno "kodi". Mitaani tunasema "kodi ya nyumba" tukimaanisha pango, na "kodi" tukimaanisha fedha za serikali. Mtahiniwa akiandika "tutakata kodi kwenye kodi", au mbaya zaidi "hatutalipa kodi yote", msomaji hajui ni ipi. Tumia "pango" kwa malipo ya jengo na "kodi ya zuio" kwa kinachokwenda Mamlaka, tangu kichwa cha barua hadi mwisho.

Mfano wa jibu

Kampuni ya Vifaa vya Ujenzi,
S.L.P. ……,
Mwanza.
24 Juni, 2024.

Mmiliki wa Jengo,
S.L.P. ……,
Mwanza.

Ndugu,

YAH: KODI YA ZUIO KATIKA PANGO LA JULAI HADI SEPTEMBA, 2024

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tumeona tangazo la Mamlaka ya Mapato linalotukumbusha kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 katika pango. Mkataba wetu haukutaja jambo hili, hivyo tumeona tukuarifu kabla ya malipo ya tarehe 1 Julai.

Pango la miezi hiyo ni shilingi 2,700,000. Tunatarajia kukulipa shilingi 2,430,000 na kuwasilisha shilingi 270,000 Mamlaka ya Mapato kabla ya tarehe 8 Agosti. Hati ya kodi hiyo tutakukabidhi ili uitumie katika hesabu zako. Pango halijapunguzwa.

Tunaomba utupatie namba yako ya mlipakodi. Ikiwa una barua ya Mamlaka inayokusamehe kodi hii, tafadhali tuletee nakala kabla ya tarehe 28 Juni.

Wako mtiifu,
(Sahihi)
Meneja.

Angalia kwamba meneja haombi ruhusa ya kukata. Mwenye jengo hana mamlaka ya kumruhusu wala kumkataza, na kuandika "tunaomba utukubalie tukate" kungemfungulia mlango wa kukataa. Anachoomba ni taarifa ambazo mwenye jengo peke yake anazo. Shaka ya kampuni imewekwa katika jambo moja tu, kama kuna msamaha, na imepewa tarehe ya mwisho. Sentensi fupi "Pango halijapunguzwa" ndiyo inayozuia ugomvi. Usiifiche katikati ya aya ndefu.

Soma mkataba uliopewa kwenye swali kwa makini. Ungesema kwamba mwenye jengo atapokea shilingi 2,700,000 kamili baada ya kodi, hesabu ingebadilika. Hapo kiasi hicho ni asilimia 90 ya pango, kwa hiyo pango lote ni 3,000,000 na zuio ni 300,000. Wengi hukata 270,000 hata hapo na kukosa alama.

Zoezi. Ukiwa mwenye jengo, ijibu barua hii. Huna msamaha, lakini hati ya zuio ya miezi mitatu iliyopita hujaipata, ingawa ulilipwa pungufu.