Kifungu cha Usuluhishi: Kinapokubana na Kinapokuponyoka
Kijitabu kwa wafanyabiashara, wazabuni na wakandarasi wa Kibaha na Kisarawe

Mikataba mingi ya ujenzi na ya kuuziana bidhaa ina kifungu karibu na mwisho kinachosema kwamba mgogoro utaamuliwa na msuluhishi, si mahakama. Watu hukipita wakikimbilia bei na tarehe ya malipo. Siku malipo yakikwama, kifungu hicho ndicho kinachoamua mlango gani ugongwe kwanza.

Msuluhishi anayezungumziwa na Sheria ya Usuluhishi, Sura ya 15, si mpatanishi. Mpatanishi huwasaidia mkubaliane, na mkishindwa kila mtu huondoka na lake. Msuluhishi husikiliza ushahidi, kisha hutoa tuzo inayowafunga nyote wawili hata kama mmoja hakuipenda. Sheria ya sasa ilitungwa mwaka 2020 na kufuta ile ya mwaka 1931.

Tuchukue mfano

Mfano huu tumeutunga, lakini hauko mbali na yanayotokea. Mwenye mashine ya kusaga mawe Kisarawe anamuuzia kokoto mkandarasi anayejenga ghala Kwala, Kibaha. Mkataba ni wa shilingi milioni 180. Kokoto zimepelekwa zote, na bado anadai milioni 62. Mkandarasi anasema sehemu ya mzigo ilikuwa na vumbi kupita kiwango. Mkataba unasema pande zitajadiliana kwa siku 30, na wasipoafikiana mgogoro utaamuliwa na msuluhishi mmoja.

Muuzaji amechoka kusubiri. Anafungua kesi mahakamani, na mkandarasi anapokea wito pamoja na hati ya madai. Afanye nini?

Kifungu hakiizuii mahakama kwa nguvu zake chenyewe. Hakimu hatafuta kesi kwa sababu tu mkataba una neno usuluhishi. Mkandarasi ndiye anayepaswa kuomba shauri lisimamishwe ili mgogoro uende kwa msuluhishi, na lazima aombe mapema. Kwa kawaida mdaiwa ana siku 21 tangu apokee wito kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Ombi la kusimamisha shauri litangulie utetezi huo. Akishajibu madai yenyewe, akaeleza habari za vumbi na kukana deni, amechukua hatua katika kesi, na sheria humwona ameikubali mahakama. Hapo kifungu kimemponyoka.

Hili ndilo kosa tunalotaka ulikwepe kuliko mengine yote. Hutokea hivi: mdaiwa anapata wito, anaogopa tarehe, anamwandikia mtu wa karibu amtengenezee majibu, na mkataba anampelekea wakili wiki kadhaa baadaye. Mkabidhi wakili mkataba wote siku ileile unayompa wito, pamoja na viambatisho vyake, kwa sababu kifungu mara nyingine kimo kwenye masharti ya jumla ambayo mkataba umeyataja tu.

Ombi likiletwa kwa wakati, mahakama inapaswa kulikubali, isipokuwa ione kwamba makubaliano ya usuluhishi ni batili, yamekoma kufanya kazi, au hayatekelezeki.

Kifungu gani kinashika?

Kwanza kiwe cha maandishi. Ahadi ya mdomo mliyopeana kwenye machimbo haitoshi. Pia kinawafunga waliokubaliana tu. Ikiwa muuzaji wetu ana mdhamini wa mkandarasi aliyesaini hati yake peke yake, isiyotaja usuluhishi, mdhamini huyo hawezi kuburuzwa kwa msuluhishi, na huenda madai yakagawanyika sehemu mbili. Mahali penye watu watatu au wanne wenye mikataba tofauti, mahakama mara nyingi inafaa zaidi, maana inaweza kuwaunganisha wote katika shauri moja.

Pili, maneno yenyewe. "Mgogoro utaamuliwa kwa usuluhishi" ni tofauti na "pande zinaweza kupeleka mgogoro kwa usuluhishi". Neno "zinaweza" linampa mwenzako nafasi ya kudai kwamba usuluhishi ni hiari, na mtatumia miezi mkibishania neno hilo kabla ya kuigusa kokoto. Kifungu kinachosema tu "tutamaliza kwa mazungumzo" hakina msuluhishi ndani yake. Na kile kinachotaja taasisi isiyokuwepo, kilichonakiliwa kutoka mkataba wa nchi nyingine, kinaweza kukwama kwa kutotekelezeka.

Tatu, hatua za awali. Muuzaji wetu alikuwa na siku 30 za majadiliano. Akizivuka, hata msuluhishi anaweza kuelezwa kwamba shauri limeletwa kabla ya wakati. Aandike barua ya kuitisha majadiliano, aiwekee tarehe, na atunze uthibitisho kwamba imepokelewa.

Wengi hudhani kwamba mkataba ukivunjwa, au ukidaiwa kuwa batili, kifungu nacho hufa. Hapana. Sheria hukihesabu kama makubaliano yanayosimama yenyewe. Shirika la umeme, TANESCO, lilivunja mkataba wa mitambo ya Dowans mwaka 2008, na mgogoro ukaenda kwa wasuluhishi wa Chama cha Kimataifa cha Biashara. TANESCO lilidai kwamba mkataba huo, uliorithiwa kutoka Richmond, haukuwa halali tangu mwanzo. Wasuluhishi walisikiliza hoja hiyo na kuikataa, na Novemba 2010 wakaamuru Dowans walipwe zaidi ya dola milioni 65 za Marekani. Septemba 2011 Mahakama Kuu iliikubali tuzo isajiliwe, ingawa kelele za nje zilikuwa kubwa. Mahakama haiketi kusikiliza upya nani alikosea. Huangalia sababu chache, kama msuluhishi kukosa mamlaka au mwenendo wenye kasoro kubwa.

Ni lini uchague usuluhishi?

Angalia gharama kwanza. Hakimu analipwa na serikali. Msuluhishi mnamlipa ninyi, pamoja na ukumbi. Kwa deni la milioni 3 lisilobishaniwa, mahakama ni nafuu. Kwa milioni 62 zenye ubishi wa ubora wa kokoto, msuluhishi mmoja mwenye taaluma ya uhandisi anaweza kuisoma ripoti ya maabara bila kufundishwa, na kwa kawaida shauri haliingii kwenye ngazi za rufaa. Wasuluhishi watatu kwa mgogoro wa ukubwa huo ni mzigo, kwa hiyo andikeni "mmoja". Andikeni pia nani atamteua mkishindwa kukubaliana (katika ujenzi Baraza la Taifa la Ujenzi hufanya kazi hiyo), na vikao vikae wapi. Mkiandika Kibaha, hamlazimiki kuwasafirisha mashahidi kwenda mbali.

Kuwa na kifungu hakukunyimi mahakama kabisa. Kama mkandarasi ameanza kuhamisha mitambo yake usiku, unaweza kuiomba mahakama zuio la muda huku usuluhishi ukiendelea. Makosa ya jinai, kama kughushi hati ya kupokelea mzigo, hubaki kwa polisi na mahakama.

Usiruhusu majadiliano yakulie muda. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na kwa msuluhishi pia ukomo unahesabiwa. Ukipata tuzo na mwenzako akagoma kulipa, tuzo peke yake haimpi dalali wa mahakama ruhusa ya kukamata lori. Unaipeleka Mahakama Kuu itambuliwe, kisha inakazwa kama hukumu nyingine yoyote.